Kiungo Kilichobatilishwa na Ombi la Pili: Ufafanuzi wa Kauli "Muda Umekwisha" katika Kuweka Upya Nywila

Mtumiaji aliyesahau nywila huomba kiungo cha kuweka nyingine, hukibofya baada ya dakika chache, kisha huambiwa kwamba muda wa kiungo umekwisha. Makala haya yanafafanua hali ambamo kauli hiyo si sahihi: kiungo hakikwisha muda, bali kilibatilishwa na ombi la pili la mtumiaji huyohuyo. Mfano unaotumika ni Laravel, kiunzi cha kuundia programu za wavuti kwa lugha ya PHP.

Ombi linapopokelewa, Laravel huzalisha tokeni, yaani mfuatano wa herufi usioweza kubahatishwa, na kuiweka ndani ya kiungo kinachotumwa kwa barua pepe. Katika hifadhidata haiwekwi tokeni yenyewe, bali heshi yake, ambayo haiwezi kugeuzwa kuwa tokeni tena. Kwa sababu hiyo, mtumiaji anapoomba mara ya pili, seva haina namna ya kutuma kiungo kilekile. Hufuta rekodi ya awali ya anwani hiyo, kisha huandika mpya.

Tuchukulie kwamba ombi la kwanza linafanywa saa 4:00 asubuhi. Seva ya barua ya mpokeaji inachelewesha barua, naye mtumiaji anaomba tena saa 4:04. Saa 4:05 barua ya kwanza inaingia, naye anabofya kiungo chake. Uhai wa kawaida wa tokeni ni dakika 60, na zimepita 5 tu. Hata hivyo, rekodi iliyopo ni ya saa 4:04, na heshi yake hailingani na tokeni ya barua ya kwanza. Ukaguzi wa Laravel hurudisha jibu moja la kukataa, iwe tokeni imepitwa na wakati au hailingani. Msanidi anayetafsiri jibu hilo kuwa "muda umekwisha" huficha sababu ya pili.

Chanzo halisi hubainika kwa kuangalia rekodi:

```
SELECT created_at FROM password_reset_tokens
WHERE email = '...';
```

Baada ya kusawazisha majira ya saa, wakati huo ulinganishwe na wakati barua ilipotumwa, si ilipopokelewa. Rekodi ikiwa ya baadaye kwa dakika kadhaa, kiungo kilibatilishwa. Nyakati zikikaribiana na dakika 60 zimepita, muda umekwisha kweli. Rekodi isipokuwapo, huenda kiungo kimekwisha kutumika, kwani rekodi hufutwa nywila inapobadilishwa.

Kurefusha uhai wa tokeni hakutatui tatizo hili. Kinachofaa ni ujumbe unaosema: "Kiungo hiki hakitumiki. Kama uliomba zaidi ya mara moja, tumia kilicho katika barua ya ombi la mwisho." Barua nayo itaje saa ya ombi, ili mtumiaji aweze kuzitofautisha. Bila hivyo, mtumiaji huomba mara ya tatu, na kwa kufanya hivyo hubatilisha kiungo cha pili ambacho kingemfaa.