Kabla Hujatuma Ile "Pole kwa Familia"

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake. Ndani ya nusu saa grupu la darasa lilijaa meseji, nyingi zikiwa nakala ya ile ya kwanza. Mmoja wetu akatuma pole ya kufiwa na baba! Alichukua meseji ya msiba mwingine akasahau kubadili neno moja.

Mimi nikapewa kazi ya kuandika ya darasa. Rasimu yangu ilikuwa hivi: "Tumepokea kwa masikitiko makubwa taarifa za kifo cha mama mzazi wa mwenzetu. Tunatoa pole kwa familia, ndugu, jamaa na marafiki. Tupo pamoja katika kipindi hiki kigumu. Ukihitaji chochote usisite kutuambia." Sarufi safi kabisa. Lakini isome kwa sauti: unamsikia mtangazaji wa redio, siyo mtu aliyekaa mkekani na mfiwa.

Nilianza na neno "mwenzetu". Meseji inakwenda kwake, halafu inamsema kama hayupo. Nikaandika "Pole sana, dada yetu", na hapo ndugu, jamaa na marafiki wakaondoka wenyewe, maana hawakuwa wanaisoma.

"Masikitiko makubwa" ilinisumbua zaidi, kwa sababu haisemi uongo, ila inamfaa marehemu yeyote. Nikajiuliza, sisi tulimjuaje huyu mama? Kwa karanga. Kila muhula alimfungia binti yake kopo la karanga za kukaanga, na chumba kizima cha hosteli tulikula. Hilo likaingia. Kama humjui kabisa marehemu, usibuni. Sema unachokijua kwa mfiwa, hata kama ni kwamba alikuwa akimpigia mama yake kila Jumapili jioni.

Halafu "ukihitaji chochote". Inaonekana ya huruma, kumbe inampa mfiwa kazi ya kufikiri anahitaji nini na aanze kuomba. Tulikuwa na jaribio Alhamisi, kwa hiyo kiongozi wa darasa akaenda kwanza kuongea na mhadhiri, ndipo nikaandika. Usiahidi jambo ambalo hujapanga nani atalifanya.

Ikatoka hivi: "Pole sana, dada yetu, kwa kumpoteza mama. Karanga zake tumezila sote, na tulikuwa tunamwita mama yetu. Mwalimu ameshaelezwa kuhusu jaribio la Alhamisi, utalifanya ukirudi. Notsi tunakuandikia. Huna haja ya kujibu. Mungu amlaze mama mahali pema."

Sala niliiacha ilivyo. Maneno ya imani hayahitaji ubunifu wako. Yanafariji kwa kuwa ni yale yale, mradi tu yawe ya dini ya mfiwa. Nilichokata ni "kazi ya Mungu haina makosa". Mwenyewe akiisema, sawa. Mimi ambaye mama yangu yupo nyumbani anapika, naanzia wapi kumwambia?

Alijibu siku ya tatu, baada ya mazishi: "Kopo bado liko chini ya kitanda. Malizieni."