Waliookoka Titanic: jedwali moja, maswali matatu

Titanic ilizama usiku wa kuamkia Aprili 15, 1912. Hesabu ambayo walimu wa takwimu hupenda kuitumia ina watu 2,201, na kila mmoja amewekwa kwenye kundi lake na hatima yake. Ukigawa kila idadi kwa 2,201 unapata jedwali hili la uwezekano wa pamoja:

| | Aliokoka | Alikufa | Jumla |
|---|---|---|---|
| Daraja la kwanza | 0.092 | 0.055 | 0.148 |
| Daraja la pili | 0.054 | 0.076 | 0.129 |
| Daraja la tatu | 0.081 | 0.240 | 0.321 |
| Wafanyakazi | 0.096 | 0.306 | 0.402 |
| Jumla | 0.323 | 0.677 | 1 |

(Jumla zikipishana kwa 0.001, ni kwa sababu ya kukadiria tarakimu ya mwisho.)

Shuka na safu ya waliookoka. Namba kubwa kuliko zote ni ya wafanyakazi, 0.096. Je, wao ndio walikuwa na bahati zaidi? Hapana, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Namba hiyo inahusu mtu yeyote wa melini: uwezekano kwamba ni mfanyakazi na pia aliokoka. Imekuwa kubwa kwa sababu tu wafanyakazi walikuwa wengi. Wingi huo unauona pembeni, 0.402, yaani namba mbili za mstari wao zikijumlishwa. Huo ndio uwezekano wa pembezoni. Hatima ya mtu haiulizwi tena.

Ukitaka kujua bahati yao, gawa cha ndani kwa cha pembeni: 0.096 ÷ 0.402, takriban 0.24. Sasa tunawatazama wafanyakazi peke yao, na huu unaitwa uwezekano wa masharti. Kwa daraja la kwanza, 0.092 ÷ 0.148 ni 0.62. Angalia unagawa kwa nini, maana 0.092 ÷ 0.323 ni 0.28, jibu la swali jingine kabisa: kati ya waliookoka, wangapi walikuwa wa daraja la kwanza?

Kama daraja na kuokoka visingehusiana, kila kisanduku kingekuwa zao la jumla zake mbili za pembeni. Kwa daraja la kwanza: 0.148 × 0.323, karibu 0.048. Jedwali linasema 0.092, karibu mara mbili. Kisanduku kimoja kikikataa hivyo, uhuru umevunjika. Ili kuuthibitisha ingebidi vyote vikubali. Tofauti ndogo, hata hivyo, isikushtue. Daraja la tatu walipata 0.25 na wafanyakazi 0.24, pengo ambalo bahati tupu inaweza kulileta.

Lakini jedwali halisemi kwa nini. Daraja la kwanza lilikuwa na wanawake 145 kati ya watu 325. Wafanyakazi walikuwa na wanawake 23 tu kati ya 885, na mashuani wanawake na watoto ndio walitangulizwa. Jinsia haina safu katika jedwali hili.