Dau la elfu ishirini: ulipie au utupe karata?

Katika poka ya Teksas, ile ambayo kila mchezaji hushika karata mbili za siri na wote hutumia kwa pamoja karata tano zinazofunuliwa mezani, kujua kipi kinashinda kipi si kazi. Jioni moja inatosha. Kazi huanza pale mwenzako anaposukuma pesa katikati ya meza, nawe huna kitu kilichotimia, ila karata moja tu ikikujia vizuri utamfunika. Ulipie uione karata hiyo, au utupe zako uache pesa ziende?

Mgeni hujibu kwa jinsi anavyojisikia. Amekwisha kuweka pesa nyingi, hataki zipotee. Au amepoteza mara mbili mfululizo, anaona zamu yake imefika. Mzoefu hujiuliza mambo mawili: nauziwa karata hii kwa bei gani, na ni karata ngapi zilizobaki zinaweza kuniokoa? Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Ugumu uko kwingine, na tutaufikia.

Tuchukue mchezo mmoja. Mkononi una ree ya kopa na sita ya kopa. Mezani zilifunuliwa kwanza karata tatu: mfalme wa shupaza, tisa ya kopa na nne ya kopa. Kisha ikaja ya nne, mbili ya pao. Imebaki moja. Una kopa nne, na ya tano ikifika utakuwa na flashi, yaani karata tano za alama moja, tena ile kubwa kupita zote kwa sababu ree unayo wewe. Katika fungu la mezani kuna shilingi 60,000. Mmebaki wawili. Mwenzako anaweka dau la 20,000.

Anza na bei. Fungu sasa limefika 80,000, nawe unatakiwa kutoa 20,000. Ukilipia, mezani patakuwa na 100,000, na 20,000 kati ya hizo zimetoka kwako sasa hivi. Elfu ishirini katika laki moja ni asilimia 20. Basi hiyo ndiyo bei yako: ukishinda mara 20 katika mara 100 hupati wala hukosi, zaidi ya hapo una faida, pungufu ya hapo unatoboka mfuko. Angalia kwamba sikuuliza ni kiasi gani cha zile 60,000 kilitoka kwako mapema. Zilipoingia katika fungu ziliacha kuwa zako, na kuzihesabu kama akiba inayohitaji kulindwa ndiko kunakowafanya watu walipie madau ya kijinga.

Sasa hesabu karata za kuokoa. Pakiti ina kopa 13. Nne unaziona, mbili mkononi na mbili mezani, kwa hiyo zimebaki tisa. Karata usizoziona ni 52 ukitoa sita, yaani 46. Mgeni huuliza kwa nini karata mbili za mwenzako nazo zimo katika hizo 46, ilhali haziwezi kufunuliwa. Ni kwa sababu hujui ni zipi. Huenda ameshika kopa zako, huenda hana hata moja, na kwa kuwa hujui, zote unaziweka katika kapu moja.

Tisa katika 46 ni asilimia 19.6. Bei ilikuwa 20. Umepungukiwa kidogo sana. Fikiri umelipia dau hili mara 46, na kila karata isiyoonekana ikafika mara moja. Mara tisa unachukua 80,000, jumla 720,000. Mara 37 unapoteza 20,000, jumla 740,000. Umekosa 20,000 katika michezo 46, yaani kama shilingi 435 kila unapolipia. Ni hasara ya kuchekesha kwa meza ya namna hii, na hapo ndipo ulipo mpaka wa kulipia.

Mpaka huo una manufaa, kwa sababu dau la 20,000 juu ya fungu la 60,000 ni theluthi. Likiwa 10,000, unatoa 10,000 katika fungu litakalofika 80,000, bei ni asilimia 12.5, na hakuna haja ya kufikiri mara mbili. Likiwa 60,000, sawa na fungu zima, bei inaruka hadi asilimia 33. Ukilipia hilo kwa kopa tisa zako, kwa wastani unatupa shilingi 24,783 kila mara. Karata zako ni zile zile, matumaini ni yale yale. Kilichobadilika ni bei.

Hadi hapa mambo ni rahisi mno, na ndiyo sababu watu wanaojua hesabu hii bado hupoteza. Hesabu ya 46 haina ubishi. Yenye ubishi ni ile tisa.

Tuseme mwenzako ana mfalme na malkia, yaani jozi ya wafalme. Hapo kopa si tegemeo lako pekee. Ree yoyote ikifunuliwa utakuwa na jozi ya ree, nayo inashinda jozi ya wafalme. Ree zilizobaki ni tatu, kwa hiyo karata za kuokoa ni 12, sawa na asilimia 26. Kwa bei ya asilimia 20, kulipia kunakuletea wastani wa shilingi 6,000 na ushee.

Lakini tuseme mwenzako ana tisa mbili mkononi, na pamoja na ile ya mezani zimekuwa tatu. Ree hazina maana tena, kwa kuwa jozi haishindi tatu zinazofanana. Baya zaidi, mfalme wa kopa na mbili ya kopa zinakutimizia flashi, lakini wakati huo huo zinaleta jozi mezani, na yeye anapata tatu na mbili zinazofanana, ambazo zinaifunika flashi yako. Kopa zinazokuokoa kweli ni saba tu. Saba katika 46 ni asilimia 15, na kulipia kunakugharimu karibu 4,800 kila mara. Isitoshe, karata mojawapo ya hizo mbili ikifika hutapoteza 20,000 tu, maana ukijiona na flashi kubwa utaongeza pesa mwenyewe.

Na kama ungekuwa na sita na tano ya kopa badala ya ree, kungekuwa na shimo jingine: mwenzako naye huenda anasubiri kopa, akiwa na malkia na ghulamu wa alama hiyo. Kila kopa unayoiombea ingemtimizia yeye flashi kubwa kuliko yako. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu karata ya kuokoa, jiulize: ikifika hii, ni mkono gani wa mwenzangu utaendelea kunishinda? Unaoweza kuwepo, ipunguze hesabu. Nusu karata hapa, moja pale. Ni makadirio, na meza haidai usahihi zaidi ya huo.

Televisheni imewadanganya wengi hapa. Tangu kipindi cha Uingereza cha mwaka 1999, Leiti Naiti Poka, kilipoweka kamera chini ya meza ili watazamaji waone karata za siri, tumezoea kuona asilimia zikiandikwa kando ya kila jina. Asilimia hizo zimekokotolewa na mtu anayeziona karata zote. Mchezaji mwenyewe hana anasa hiyo, na asilimia yake ni nzuri kadiri anavyomsoma mwenzake.

Turudi nyuma kidogo, pale karata tatu tu zilipokuwa mezani, kwa sababu pana mtego wa pili. Fungu lilikuwa 20,000, mwenzako akaweka 20,000, nawe ukalipia. Bei ilikuwa 20,000 katika 60,000, asilimia 33. Huenda ulikumbuka ile njia ya mkato ambayo wachezaji wengi huitumia: zidisha karata za kuokoa kwa nne kama zimebaki mbili za kufunuliwa, na kwa mbili kama imebaki moja. Tisa mara nne ni 36, na jibu halisi ni 35. Thelathini na tano inapita 33, ukaona bei ni nzuri.

Kosa ni kwamba zile elfu 20 zilinunua karata moja tu, si mbili. Nafasi ya kopa kufika katika karata ya nne ni tisa katika 47, asilimia 19. Haikufika, na sasa mwenzako anakudai tena ili uione ya tano. Kuzidisha kwa nne ni halali pale tu unapokuwa na hakika hutalipishwa mara ya pili, kwa mfano mmoja wenu ameweka kila alichonacho na dau jingine haliwezekani. Njia hiyo pia huvimbisha hesabu karata za kuokoa zikiwa nyingi: kwa 15 inakuambia 60, na ukweli ni 54.

Kuna sababu moja ya haki ya kulipia bei iliyozidi kidogo, nayo ni pesa zitakazokuja baadaye. Katika mchezo wetu wa 20,000 ulipungukiwa 20,000 kwa michezo 46. Kama kila kopa inapofika mwenzako atakulipa 10,000 zaidi, mara tisa zitakuletea 90,000 za ziada, na hasara inageuka faida ya 70,000. Ila jiulize kwa ukweli kama atalipa. Kopa tatu zikikaa wazi mezani, mtu mwenye macho huogopa. Na ukicheza kasino, nyumba hukata kamisheni katika fungu. Ikikata 5,000 katika laki yetu, unachukua 75,000 badala ya 80,000, na dau lililokuwa mpakani linakuwa hasara ya wazi.

Hata ukilipia kwa bei nzuri, mara nne katika tano kopa haitafika. Huo ndio mwendo wa mkono wenyewe, na anayekaa mezani na pesa za dau mbili tatu atafilisika kabla hesabu haijamrudishia chake. Ukitaka kuona inavyoumiza bila kutoa shilingi, chukua pakiti nyumbani, toa zile karata sita, changanya 46 zilizobaki, funua moja, andika kama ni kopa au la, irudishe na uchanganye tena. Fanya hivyo mara hamsini kabla hujamlipia mtu yeyote dau.