Mguu wa Mwigizaji Usivunjwe

Muhula wa kwanza ndio msimu wa mashindano ya drama, na shule za Kitengela, Isinya na mji wa Kajiado huwa hazilali. Mwalimu anaelekeza kwa Kiingereza, wanafunzi wanajibizana kwa Sheng, igizo lenyewe ni la Kiswahili, na bibi aliyekuja kumtazama mjukuu wake anawaza kwa Kimaasai au Kikamba. Maneno yanavuka mipaka ya lugha hapo mara mia kwa siku, na mengi yanavuka salama. Msemo mmoja hauvuki.

Ni ule wa waigizaji wa Kiingereza ambao, mwenzao anapokaribia kupanda jukwaani, humwambia avunje mguu. Wanamtakia mema. Katika kumbi zao kuna imani ya zamani kwamba anayetaja bahati waziwazi anaifukuza, kwa hiyo wanataja balaa ili balaa lisije. Asili ya maneno hayo inabishaniwa hadi leo. Wajerumani nao hutakiana kuvunjika shingo na mguu, na Waitalia humwambia mtu aingie kinywani mwa mbwamwitu. Mwambie hayo mfugaji wa Kitengela, ambako simba na fisi wa Mbuga ya Nairobi wamewahi kumaliza mifugo zizini, akuulize amekukosea nini.

Sasa mtoto yuko nyuma ya pazia, ameshapakwa rangi usoni, na mwalimu anamwambia, “Vunja mguu!” Kosa la kwanza ni la kisarufi, na watu wengi hawalioni. Kwa Kiswahili, “vunja mguu” ni amri ya kwenda kuvunja mguu wa mtu mwingine. Mguu wako mwenyewe huuvunji, unavunjika. Mwalimu akijisahihisha aseme “uvunjike mguu”, ameharibu zaidi, kwa sababu sasa kitenzi kimekaa katika umbo lile lile tunalolitumia kuombeana: ubarikiwe, upone, ufaulu. Umbo hilo hilo ndilo tunalolitumia kulaani. Mama wa mtoto akiwa karibu hatangoja maelezo. Atasema, “Ushindwe!”, kama anavyomkemea shetani kanisani siku ya Jumapili.

Isitoshe, mguu uliovunjika una mwenyewe katika Kiswahili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kila mwanafunzi wa Kenya ameimeza methali hiyo tangu shule ya msingi, na ndani yake mguu unaovunjika ni wa mkaidi. Kwa hiyo mtoto hasikii heri iliyofichwa. Anasikia kwamba amemdharau mkubwa fulani na adhabu iko njiani.

Mtafsiri afanye nini basi? Aanze kwa kuitupa ile picha. Auache mguu, aache kuvunja, kisha ajiulize nani anasema, anamwambia nani, saa ngapi, na anataka maneno yake yafanye kazi gani. Jibu liandikwe kwa Kiswahili cha kawaida kabisa: mtu anayempenda mwigizaji anampa moyo dakika ya mwisho kabla hajaonekana na watu. Hapo swali linageuka. Hatutafuti tena Kiswahili cha maneno yale. Tunatafuta mtu wa namna hiyo, hapa Kitengela, angesema nini saa hiyo.

Na hapa majibu ni mengi, kwa sababu wasemaji ni wengi. Mama atasema, “Mungu akutangulie, mwanangu.” Mwalimu mkuu, ambaye ana wageni kando yake, atasema, “Kila la heri.” Mwenzake wa darasani, aliyetoka kuwaona wapinzani wakipiga kelele basini, atasema, “Leo watakiona cha mtema kuni!” Na igizo likiwa la kuchekesha, kuna jibu ninalolipenda kuliko yote: “Kawavunje mbavu!” Kiswahili kimehifadhi kule kuvunja, lakini kimekutoa kwenye mguu wa mwigizaji kikakupeleka kwenye mbavu za watazamaji, na kuvunja mbavu za watu kwa kicheko ni sifa. Ila jibu hilo lina mpaka wake. Ukimpa mtoto anayekwenda kuigiza mazishi ya baba yake, umemkosea.

Kosa la pili, ambalo ni la kimyakimya zaidi, ni kupata maana na kupoteza heshima au utani uliokuwa ndani ya maneno. Waingereza wana msemo wa mtu aliyepiga ndoo teke, yaani amekufa. Mtafsiri mwangalifu ataandika “ameaga dunia”, na maana itakuwa sawa kabisa. Lakini ule msemo wa ndoo ni wa mzaha, haupelekwi matangani, ilhali kuaga dunia ndiko kunakotangazwa redioni kwa sauti ya taratibu. Anayelingana na mpiga ndoo kwetu ni aliyekata kamba. Ndiyo maana haitoshi kuuliza kama msomaji ataelewa. Uliza pia kama mhusika angethubutu kusema hivyo mbele ya wafiwa.

Kajiado ina mfano wake ambao naona ungefaa kufundishwa kabla ya ule wa mguu. Mzee wa Kimaasai hubariki kwa mate. Anaomba, waliopo wanaitikia “Naai” kila baada ya ombi, na mate yale ni sehemu ya baraka. Andika katika igizo la Kiswahili kwamba “mzee akamtemea mate kijana”, na mtazamaji wa Mombasa atashangaa kwa nini kijana hakukasirika, maana kwa Kiswahili kumtemea mtu mate ni kumdharau hadi mwisho. Tendo umelieleza neno kwa neno, na kazi yake umeigeuza. “Mzee akambariki kwa mate” inatosha. Mate yamebaki, kwa sababu ni ya Wamaasai na hatuna ruhusa ya kuyafuta, na kitenzi kimemwonyesha mgeni namna ya kuyapokea.

Kuna mahali njia hii ya kutupa picha inakwama. Tuseme igizo la Kiingereza linamfanya msichana aambiwe avunje mguu, naye akaanguka ngazini akauvunja kweli. Kicheko chote kimefungwa kwenye neno hilo. “Mungu akutangulie” itakuwa sahihi na itaua tukio. Mtafsiri anatakiwa atafute maneno ya kumtakia mtu heri ambayo tayari yana mguu ndani yake, na Kiswahili hakijamnyima: “Tanguliza mguu wa kulia.” Waislamu wa pwani huingia msikitini kwa mguu wa kulia, na kuanza jambo kwa mguu huo ni kulianza kwa heri. Mwalimu amwambie hivyo, msichana autangulize kwa utiifu, na uwe ndio huo huo unaoteleza. Kinachobaki ni kumkumbusha mwelekezi kwamba bandeji katika onyesho linalofuata ifungwe mguu wa kulia.

Ikiwa igizo linahusu ile imani yenyewe, kwamba bahati ikitajwa inakimbia, nisingeifuta. Watu wetu wanaijua hofu hiyo kwa sura nyingine: mtoto akisifiwa mno, mtu wa pwani atakuhimiza useme Mashaallah. Mhusika mmoja akimkemea mwenzake kwa kusifu kabla ya onyesho, ukumbi wa Kitengela utamwelewa bila maelezo ya kando.

Kisha mpe tafsiri yako mtu asiyejua Kiingereza cha igizo hilo aisome kwa sauti, nawe umwangalie usoni. Akipita mstari bila kupunguza mwendo, uache. Akisita, akaurudia kama anayesoma jina la mgeni, chukua kalamu, hata kama kamusi inakuunga mkono.