Sauti Ipo, Picha Haipo

Ukicheza filamu kwa VLC ukasikia sauti lakini ukaona mstatili mweusi, usiifute kwanza. Mara nyingi VLC huikabidhi kadi ya michoro kazi ya kufumbua video, ili prosesa ipate nafuu. Draiva ya kadi hiyo ikiwa na hitilafu, picha hukwama njiani. Sauti hufumbuliwa na prosesa, hivyo huendelea.

Kwenye Windows, fungua Tools, kisha Preferences, halafu Input / Codecs. Penye Hardware-accelerated decoding chagua Disable, bonyeza Save, ucheze filamu upya. Picha ikirudi, shuku draiva: isasishe, kisha urudishe Automatic. Ukiiacha Disable, video za 4K huenda zikakatakata kwenye kompyuta dhaifu.