Picha Iliyofichwa si Picha Iliyofungiwa

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba simu ya mkononi hununuliwa na mtu mmoja ikatumiwa na watu wanne au watano. Mama humpa mtoto acheze mchezo wakati yeye yumo jikoni. Shemeji huiazima kwa neno moja. Kijana wa skuli huichukua usiku kwa ajili ya masomo yake. Hatuoni kosa katika desturi hiyo, kwani kushirikiana ndiko kulikotulea. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo iliyobeba picha za bibi harusi na jamaa zake, zilizopigwa ndani, wanawake peke yao, bila ya buibui wala mtandio, kwa makubaliano ya wote kwamba hazitatoka nje ya mlango ule. Mtoto wa miaka 9 hayajui makubaliano hayo. Kidole chake kikipita pasipo pake, picha huingia katika "Status" ya WhatsApp, na kabla mama hajaepua chungu imekwisha kutazamwa na mtaa.

Ziko njia za kuzuia jambo hilo, nazo zimo katika simu zenyewe. Taabu ni kwamba wengi huchukua njia ya kuficha wakidhani wamefunga. Programu ya Google Photos, kwa mfano, ina sehemu iitwayo "Archive". Picha ikiwekwa humo huondoka katika ukurasa wa mbele tu. Mwenye kuitafuta huipata bila ya kuulizwa lolote. Ni kama kuweka barua chini ya godoro. Ipo pia sehemu iitwayo "Locked Folder", nayo ni kufuli la kweli, ila ufunguo wake ni ule ule unaofungulia simu. Basi ikiwa watoto wanaijua namba ya siri ya simu, au alama za vidole vyao zimeandikishwa humo, kufuli hilo kwao ni mlango ulio wazi. Katika simu ya watu wengi, swali la kwanza si picha imefungwa wapi, bali ni nani mwenye ufunguo.

Kwa sababu hiyo, nyumba ya namna hiyo yahitaji sanduku lenye ufunguo wake mbali. Simu nyingi za Android huwa na programu iitwayo Files by Google, na ndani yake imo "Safe folder", ambayo hufunguliwa kwa namba yake yenyewe ya tarakimu 4, au kwa mchoro, bila ya kuhusiana na namba ya simu.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Wete aliyeletewa na dada yake, kwa WhatsApp, picha 12 za harusi ya ndani. Watoto wake wawili wakubwa wanaijua namba ya simu. Mama huyo ataifungua Files by Google, ateremke hadi penye "Collections", aguse "Safe folder", achague "PIN", kisha aweke namba isiyofanana na ya simu wala na mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Baadaye atazitafuta zile picha humo humo ndani ya Files, abonyeze ya kwanza kwa muda hadi itiwe alama, aziguse na nyingine 11, afungue vile vidoto vitatu vya pembeni na kuchagua "Move to Safe folder". Picha zitahama. Na kila anapoiacha programu hiyo kwenda kwenye jambo jingine, sanduku hujifunga lenyewe.

Hapa ndipo wengi hutua mzigo, na hapa ndipo picha huvuja, kwani iliyohama ni nakala moja tu. Ikiwa simu imewekwa kuhifadhi picha mtandaoni, nakala ya pili imo katika Google Photos, nayo itaendelea kuonekana humo kama kwamba halikufanyika lolote. Mama wetu na aifungue Google Photos, aitafute siku ya harusi, na akizikuta picha azifute. Kisha aingie sehemu ya "Trash" na kuzifuta tena, maana picha iliyokuwa imehifadhiwa mtandaoni hukaa humo siku 60, na mtoto mdadisi huweza kuirudisha kwa mguso mmoja. Tunasisitiza utaratibu: kwanza kuhamisha, pili kufungua sanduku na kuhakikisha kwamba picha zote 12 zimo, ndipo kufuta. Anayeanza kwa kufuta katika Google Photos huifuta na ile iliyomo katika simu, akabaki bila ya kitu.

Nakala ya tatu ni ile ya mazungumzo. Ujumbe wa dada bado umo katika WhatsApp, na picha yaweza kuonekana hapo, walau kwa ukungu, au kupakuliwa upya. Na aufute ujumbe huo kwa "Delete for me". Aidha katika mpangilio wa WhatsApp, sehemu ya "Chats", ipo "Media visibility". Ikizimwa, picha zitakazokuja hazitaingia tena katika albamu ya simu. Ifahamike kwamba hatua hiyo haizigusi picha zilizokwisha kuingia.

Jambo la mwisho ni wakati wa kumpa mtoto simu. Katika mpangilio wa usalama wa simu nyingi ipo "App pinning", ambayo katika nyingine huitwa "Screen pinning". Ikiwashwa pamoja na kile kifungu cha kudai namba kabla ya kutoka, mama huufungua mchezo, akaubana, na mtoto hubaki ndani ya mchezo huo tu. Lakini mtoto aijuaye namba ya simu atatoka apendapo. Kwa hiyo namba hiyo ibadilishwe kwanza, na wakubwa wafunguliwe simu na mwenyewe.

Sanduku hili nalo lina mipaka yake. Namba yake ikisahauliwa, hapana ofisi wala fundi wa kuirudisha, na vilivyomo vimepotea. Programu ikiondolewa au data yake ikifutwa, picha nazo zaweza kwenda nayo. Kwa hiyo picha isiyotakiwa kupotea ipate nakala katika flashi, na flashi iwekwe kabatini kwa mwenyewe. Wala hakuna sanduku liwezalo kuzuia nakala iliyomo katika simu ya dada au ya shoga yake. Hiyo huombwa kwa mdomo, ifutwe.

Haya yanawahusu pia watumishi wa Serikali. Sheha au karani apigaye picha kitambulisho cha mwananchi kwa simu yake mwenyewe, kisha jioni akampa mwanawe simu hiyo achezee, ameipeleka nyumbani kwake siri isiyokuwa yake. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa faragha yake, na haki hiyo haikomi saa za kazi zinapokwisha. Picha ya namna hiyo, kazi yake ikimalizika, haistahili kuwekwa hata ndani ya sanduku. Ifutwe siku ile ile, na "Trash" nayo isafishwe, kabla simu haijavuka kizingiti cha nyumba.