Mshale Kati ya E na x

Nembo ya FedEx ni herufi tano tu, haina picha. Hata hivyo, kati ya E na x umo mshale mweupe unaoelekea kulia. Mshale huo ni nafasi iliyoachwa wazi pale herufi hizo mbili zinapogusana. Aliyeibuni nembo hiyo mwaka 1994 ni Lindon Leader, wa kampuni ya Landor Associates.

Leader alianzia kwenye fonti mbili zilizokuwapo: Univers ya Adrian Frutiger, iliyotoka 1957, na Futura ya Paul Renner, ya 1927. Alipozibana herufi zikaribiane, dalili ya mshale ilijitokeza. Ilikuwa dalili tu, kwani hakuna fonti kati ya hizo iliyotoa mshale safi bila kuharibu umbo la herufi. Ndipo akachanganya sifa za zote mbili na kuzichonga upya.

Siri iko kwenye kimo cha x. Mwili wa mshale ni uwazi ulio kati ya mkono wa kati wa E na mkono wake wa chini. Kichwa chake ni pembe ya kushoto ya x. Ili kichwa kikae sawa juu ya mwili, makutano ya x lazima yawe katikati ya uwazi huo. Hilo hupatikana ncha ya juu ya x ikilingana na ukingo wa juu wa mkono wa kati, na ncha ya chini ikikaa kwenye mstari wa msingi.

x ikibadilishwa kimo, e na tumbo la d hubadilika nayo, la sivyo x huonekana mgeni kati ya wenzake. Hapa ndipo wengi hukosea: huivuta herufi nzima kwenda juu. Mistari yake ya kulala hunenepa, ile ya kusimama hubaki na unene wake, na e huonekana kama imetoka fonti nyingine. Njia sahihi ni kugeuza maandishi kuwa michoro (katika Inkscape ni amri ya `Object to Path`), kisha kusogeza nukta za ukingo wa juu peke yake, unene ukiachwa ulivyo. Maandishi yakishageuzwa hayahaririki tena kwa kuchapa, kwa hiyo nakala ya awali huhifadhiwa.

Kosa la unene hufichuka nembo ikipinduliwa juu chini: jicho huacha kusoma neno, likaanza kuona maumbo. Kisha hupunguzwa hadi ukubwa wa kadi ya biashara, maana uwazi mwembamba huweza kuzibwa na wino. Leseni nayo husomwa kabla ya kazi yote hiyo. Baadhi ya wauzaji wa fonti huruhusu herufi zao kuchongwa upya kwa nembo, wengine hudai kibali cha ziada.